Nimefua pazia moja kati ya manne: bitana imepanda, chini imegeuka pinki. Matatu yaliyobaki nifanyeje?

MamaMapacha_Ilazo

Habari za saa hizi wakuu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Nina mapazia manne ya sebuleni, rangi ya maruni, kitambaa kizito chenye bitana ya krimu. Yalishonwa hapa hapa Dodoma miaka mitatu iliyopita na tangu hapo sijayafua, nilikuwa nayakung'uta tu. Vumbi letu la kuanzia mwezi wa sita mnalijua. Dirisha linatazama machweo, na upepo ukivuma unaona kabisa wekundu umekaa kwenye mikunjo.

Jumamosi nikaanza na moja. Nililoweka kwenye diaba, maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kama saa nzima. Maji yakawa mekundu, nikasema hilo ndilo vumbi lenyewe linatoka. Nikafua, nikasuuza mara mbili tu kwa sababu siku hiyo hatukuwa na maji ya bomba na nilibaki na ndoo sita. Tukalikamua wawili, mimi na binti anayenisaidia nyumbani, mmoja huku mwingine kule, tukalianika. Hazikupita dakika kumi kamba ikakatika. Nikaliokota, nikalimwagia maji sehemu iliyochafuka, nikalianika upya mpaka likakauka.

Sasa lilivyo: kitambaa cha mbele hakina shida, urefu ni ule ule sentimita 240. Bitana ambayo ilikuwa imeshonwa pamoja na pindo imekuwa 232. Imevuta pindo lote kwa ndani, pazia limetuna kama mfuko. Robo ya chini ya bitana ina pinki, na mstari wa chini kabisa umekolea zaidi. Halafu kwenye kona mbili za chini kuna alama ya kahawia ya mviringo, ukubwa wa sarafu. Hiyo ndiyo inayonishangaza kuliko zote.

Pia nina zulia dogo la mlangoni, la manyoya, mgongo wake wa mpira. Nalo linahitaji kufuliwa. Nawasikiliza.

KijanaWaMtumba

Dada, nunua mashine tu. Mimi ninayo ya kilo 7, matanki mawili, natupia mapazia yote kwa mpigo, mashuka, hata blanketi. Kwa mkono unajitesa. Ukitaka nikuelekeze duka niliponunua niambie, walinipunguzia bei.

MamaMapacha_Ilazo

Asante kaka, lakini sijauliza mashine. Nauliza kwa nini bitana imefupika na rangi imetoka wapi. Hata ningekuwa na mashine nadhani ingetokea hivyo hivyo.

Chumvi_na_Siki

Pole sana dada. Hiyo rangi imechuja kwa sababu hukuitia dawa. Dawa ni chumvi. Hayo matatu yaloweke usiku kucha kwenye maji yenye chumvi vijiko vitano vikubwa na siki kikombe kimoja. Chumvi inashika rangi isitoke. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo kwa kanga zote mpya, kanga ukiifua mara ya tatu haichuji tena. Nimekulia humo, nina uhakika.

Dobi_Mstaafu

Mwanangu Mama Mapacha, pole. Nimefua nguo za watu tangu ujana wangu, kwanza kwa mkono, baadaye kwa mashine za hotelini. Kabla ya yote nakuomba usiyaloweke hayo matatu usiku kucha, iwe kwa chumvi au bila chumvi. Nitarudi kwenye chumvi.

Nianze na yale maji mekundu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Udongo wa Dodoma ni mwekundu na pazia lako ni la maruni. Ukiangalia diaba kwa jicho tu huwezi kujua kinachotoka ni vumbi au ni rangi. Mtu wa Dar angeona maji mekundu angeshtuka mara moja. Sisi tumezoea maji mekundu kila tunapofua, kwa hiyo tunaendelea.

Kuna njia rahisi ya kuyatenganisha. Loweka kwanza kwa maji baridi matupu bila sabuni, dakika kumi tu. Teka maji hayo kwenye bilauri ya kioo, iweke mahali pasipotikisika, uiache saa nzima. Udongo utashuka chini utengeneze tabaka la matope, na juu maji yataanza kuwa meupe. Yanaweza kubaki na ukungu kidogo, maana udongo wetu ni laini sana, lakini ukungu huo unafanana na maji ya korongoni. Rangi ya kitambaa haishuki. Itabaki imeenea bilauri nzima, nyekundu inayopitisha mwanga, kama juisi ya rosela. Ukiona rosela, pazia linachuja.

Tena si lazima ulowanishe pazia zima ili ujue. Fumua sentimita tano za pindo la chini. Ndani ya pindo vumbi halijafika, kwa hiyo chochote chekundu kitakachotoka humo ni rangi. Lowanisha hapo kwa maji yenye sabuni ile ile utakayofulia, weka kitambaa cheupe cha pamba juu na kingine chini, kandamiza kwa kitu kizito kama mfuko wa unga wa kilo mbili, dakika kumi na tano. Kisha tazama vile vyeupe. Rangi ikihamia kidogo tu, utafua kwa maji baridi, haraka, kila pazia peke yake. Ikihamia na kukolea, pazia hilo lisifuliwe likiwa na bitana yake hata kidogo.

Fanya kipimo hicho kwa mapazia yote matatu, usichukue moja ukasema mengine ni ndugu zake. Fundi anaweza kuwa alimaliza jora moja akaendelea na jingine.

Chumvi_na_Siki

Mzee wangu shikamoo. Sibishani na wewe, ila kanga za mama zilikuwa zinaacha kuchuja kweli, nimeona kwa macho yangu. Kama si chumvi ni nini?

Dobi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na hujakosea kabisa. Chumvi ina kazi yake kiwandani: wakati pamba inatiwa rangi, chumvi husaidia rangi iingie kwenye nyuzi. Lakini kitambaa kikishatoka huko, chumvi ya nyumbani haiifungi ile iliyobaki juu bila kushika. Ile inatoka tu. Kanga mpya ina rangi nyingi ya juu juu, ukiifua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ile ya ziada inakwisha. Ingeisha hata mama asingetia chumvi. Jaribu kanga mbili za doti moja, moja na chumvi, nyingine bila, uone.

Ninachogombana nacho mimi ni kule kulaza usiku kucha. Rangi iliyotoka inaelea kwenye maji, na bitana nyeupe imelala humo humo saa nane. Itainywa tu.

Fundi_Pazia_Majengo

Mbukwenyi. Mimi nashona mapazia, ngoja niseme ya bitana na zile alama za mviringo.

Dada, alama za mviringo ni kutu. Fumua kona utakuta chuma humo ndani. Ili pazia lining'inie vizuri lisirushwe na upepo, fundi hutia kitu kizito kwenye kona za pindo. Vipo vya madini ya risasi vinavyouzwa kwa kazi hiyo, lakini wengi wetu tunatia washa za bolti kwa sababu ndizo zipo. Washa ya chuma ikiloa na kukauka polepole ndani ya pindo lenye kitambaa tabaka tatu, inatoa kutu. Kabla ya kufua pazia lolote shika pindo kwa vidole kuanzia kona hadi kona. Ukigusa kigumu, kifumue ukitoe, utakirudisha pazia likikauka, na ukirudishie ndani ya kipande cha plastiki.

Kuhusu bitana kupanda: mbele yako bila shaka ni polista au polista imezidi, ndiyo maana urefu haukubadilika. Bitana ni pamba, na haikuloweshwa kabla ya kushonwa. Pamba ambayo haijawahi kuona maji hupungua ikifuliwa mara ya kwanza. Yako imetoka 240 ikaja 232, yaani kama sentimita tatu na kidogo kwa kila mita. Hiyo ni kawaida ya pamba, wala si kwamba umeiharibu.

Kosa ni la ushonaji. Bitana haitakiwi kufungwa na pindo la mbele. Inatakiwa iwe na pindo lake yenyewe, fupi kuliko la mbele kama sentimita mbili au tatu, ishikwe juu na pembeni tu, chini iachwe huru. Ikipanda, inapanda peke yake na huku mbele hakuna anayejua. Yako imefungwa chini, kwa hiyo ilipopungua ilibidi ivute na mwenzake.

Ukitaka uhakika wa kitambaa, chomoa uzi mmoja kutoka mbele na mmoja kutoka bitana, uunguze kila mmoja kwa kiberiti juu ya sahani. Wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa polista unayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Fanya mbali na pazia lenyewe.

MamaMapacha_Ilazo

Wakuu, nimefumua kona. Ni washa. Zote mbili zina kutu, moja imeshikamana na uzi kabisa. Asante sana fundi, nilikuwa nahisi labda ni maji ya kisima.

Nimeunguza nyuzi pia. Wa mbele umeyeyuka ukawa punje, wa bitana umekuwa majivu. Ni kama ulivyosema.

Kipimo cha pindo nimefanya kwa yote matatu. Mawili yametoa pinki hafifu sana kwenye kitambaa cheupe. La tatu, lile la upande wa mlango, limetoa pinki ya kweli kweli. Kwa macho yamefanana yote.

Bibi_Chamwino

Wanangu, na mimi nina langu. Maji ya kisima cha huku kwetu yana chumvichumvi, sabuni ya mche haitoi povu, na mapazia yakikauka yanakuwa magumu kama boksi, yale mepesi ya shia yamepata ukijivu. Nimeyatia jiki yakawa ya njano badala ya meupe. Natumia siki kwenye maji ya mwisho, kidogo yanalainika. Je nikichanganya siki na jiki pamoja yatakuwa meupe na malaini kwa mara moja?

Nesi_Mstari_wa_Mbele

Bibi shikamoo. HAPANA, tafadhali. Jiki na siki zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inaunguza macho na mapafu, na mtu huwa ameinamia beseni. Hata kwa zamu kwenye beseni moja usifanye kama hujasuuza kabisa katikati.

Dobi_Mstaafu

Shikamoo bibi. Msikilize nesi.

Ugumu ule ni sabuni yenyewe. Sabuni ya mche ikikutana na maji mazito ya kisima inageuka utando, ule utando mweupe unaouona kandokando ya beseni, nao unajishika kwenye kitambaa. Kadiri unavyoongeza sabuni ndivyo utando unavyoongezeka. Kwa mapazia tumia sabuni ya unga, kidogo, uiyeyushe kwanza kwenye ndoo kabla pazia halijaingia. Mvua zikianza kinga maji ya bati uyaweke kwa ajili ya maji ya mwisho ya kusuuza, utaona tofauti. Na kwenye shia za polista jiki achana nayo.

Fundi_Pazia_Majengo

Siki mimi siipendi kwenye mapazia yenye ringi za chuma. Nimeona ringi zimepoteza mng'aro kisha zikatia kutu.

Dobi_Mstaafu

Nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 20, ikasuuzwa baadaye kwa maji matupu, haijawahi kuniharibia ringi. Lakini nilikuwa nafanyia mapazia ya kulabu, kulabu tunazitoa. Kwa ringi zilizopigwa moja kwa moja kwenye kitambaa sitabishana na fundi.

MamaMapacha_Ilazo

Sasa narudi kwenye uzito, maana kamba ilikatika na ninaogopa kurudia. Jirani yangu anauza mahindi, ameniazima mizani ya kuning'iniza. Pazia moja kavu na bitana yake ni kilo 2.1. Lile nililokwisha kuharibu nimelilowesha tena, nikalitia kwenye ndoo bila kulikamua, nikapima, nikatoa uzito wa ndoo. Kilo 7 na kidogo. Sikutegemea kabisa.

KijanaWaMtumba

Subirini. Kama moja likiloa linafika kilo 7, na mashine yangu imeandikwa kilo 7, nimekuwa nikitia manne?

Dobi_Mstaafu

Kijana, ile kilo 7 iliyoandikwa ni uzito wa nguo kavu, kwa hiyo hapo hujakosea sana. Manne ya mama huyu yangekuwa kilo 8.4 kavu, yangezidi. Shida kubwa ya matanki mawili ni lile tanki la kukamulia. Ni dogo, mara nyingi halibebi hata ulichofua upande wa pili kwa mara moja. Pazia zito likikaa upande mmoja linapiga ukuta wa mashine, utasikia dungu dungu dungu na mashine inatembea. Ukisikia hivyo zima, lipange upya. Na lenye ringi za chuma lifunge ringi ndani ya foronya kwanza, zinakwaruza ngoma.

Mama, kilo 7 ndiyo maana kamba ilikatika. Kosa si kamba nyembamba peke yake. Kamba ikivutwa ikanyooka kabisa, uzito wa katikati unaivuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa pazia lenyewe. Iache ilegee kidogo katikati. Na usianike pazia zito likiwa linachuruzika maji yote. Lipandishe kwanza juu ya ukingo wa diaba au benchi la mbao lililofunikwa plastiki, lilale hapo nusu saa lichuruzike. Usilikamue kwa kulisokota. Kulisokota ndiko kunaiacha mikunjo isiyotoka na kunaipinda bitana. Likandamize tu kwa viganja, kutoka juu kwenda chini, maji yatoke. Halafu lianike juu ya kamba mbili zilizopishana kama nusu mita, ili liwe kama hema, uzito ugawanyike na hewa ipite katikati.

Na tazama waya. Kamba ya waya iliyochakaa ina kutu, itakuchorea mstari katikati ya pazia.

MamaMapacha_Ilazo

Mzee, na ule mstari wa pinki uliokolea chini umetokana na nini? Kwa nini haukuenea sawa?

Dobi_Mstaafu

Kwa sababu ulilianika likiwa na maji mengi ambayo bado yana rangi. Maji yanashuka. Juu panakauka kwanza, chini panabaki na maji, na rangi yote iliyokuwa njiani inakusanyika kwenye pindo. Maji yanaruka kama mvuke, rangi inabaki. Ndiyo maana nasema kusuuza mara mbili hakutoshi kwa pazia linalochuja. Unasuuza mpaka maji ya mwisho kwenye bilauri yanafanana na uliyotia. Na likiwa kwenye kamba, baada ya dakika ishirini ligeuze, chini kuwe juu, maji yasipate mahali pa kukaa.

Lile lililoharibika usilipige pasi. Joto litaifanya hiyo pinki iwe ya kudumu.

Fundi_Pazia_Majengo

Na mimi nasisitiza bitana ya yote matatu itolewe. Fumua chini na pembeni, iache imeshikwa juu tu, au itoe yote kama una muda. Fua mbele peke yake, bitana peke yake. Bitana itapanda, iache ipande, ikikauka ndipo uipime na kuipindia upya.

Ila kabla hujailowesha bitana, fanya jambo moja. Dirisha lako linatazama machweo. Jua la Dodoma la mchana mrefu limeipiga bitana miaka mitatu, na bitana ndiyo inayolikinga pazia. Shika sehemu iliyokuwa inakaa katikati ya kioo, weka vidole gumba viwili pamoja, vuta pande mbili kwa nguvu ya wastani. Kisha vuta hivyo hivyo sehemu ya juu iliyokuwa imejificha nyuma ya mikunjo. Kama ile ya katikati inaachia kwa sauti ya karatasi, jua limeshaila. Ukiifua itatoka vipande vipande na utalaumu sabuni. Hiyo ni ya kubadilisha.

Na wenye bitana ile ya kuzuia mwanga, iliyopakwa kitu kama mpira mweupe, kwaruzeni kwa ukucha. Ikitoa unga au magamba, msiifue kabisa, pangusa kwa kitambaa kibichi. Hata ikiwa nzima, msiikunje ikiwa mbichi, mpira kwa mpira unashikana na ukiutenganisha unabanduka.

MamaMapacha_Ilazo

Narudi na taarifa. Samahanini nilikaa kimya siku nne, maji yalikuwa hayajatoka.

Bitana nimezitoa zote tatu. Mbili zimeshinda kipimo cha vidole gumba. Ya tatu, iliyokuwa katikati ya dirisha, imeachia kama fundi alivyosema, mpasuko wa kiganja kizima, na sikuvuta kwa nguvu. Hiyo sikuifua.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kwetu upepo wenye vumbi unaamka kuanzia saa nne asubuhi, na pazia bichi likipata vumbi hapo ni kazi mpya. Nimelikung'uta la kwanza nje likiwa kavu, tukalipiga kwa upande wa nyuma wa ufagio mpaka vumbi likaacha kutoka. Nikaliloweka maji matupu dakika kumi. Bilauri niliiweka dirishani: baada ya saa moja chini kulikuwa na tope unene wa kidole, juu kama maji ya mchele. Kwa hiyo lilikuwa vumbi tupu. Nikafua kwa maji baridi, sabuni nusu ya niliyotia mara ya kwanza, nikasuuza mara tatu. Ndoo tisa kwa pazia moja. Nikaliacha kwenye benchi nusu saa, nikapima tena: kilo 4.4. Kamba haikuyumba. Saa tano limekauka, limenyooka, 240 ile ile.

La pili vivyo hivyo. Bitana mbili zilizoshinda kipimo nimezifua kando, zimekauka 231 na 232.

La mlangoni, lile lenye pinki ya kweli, nimetia maji baridi matupu, bilauri ikawa rosela ndani ya dakika kumi. Nililifua haraka haraka, kulisuuza nimefika mara ya sita na maji yalikuwa bado na kivuli cha rangi. Ndoo zikaniishia. Limekauka zuri, lakini najua bado linachuja, na sijui kama nilirudishie bitana ya rangi hiyo hiyo ya krimu.

Fundi_Pazia_Majengo

Hongera dada. Hilo la mlangoni mimi ningelitilia bitana ya kahawia au kijivu, siku likifuliwa lisionekane. Lile la kwanza fumua chini tu, bitana iachwe fupi, ukiona nje inaonekana vibaya ongeza kipande cha sentimita 8 chini, mshono utajificha kwenye pindo.

Dobi_Mstaafu

Mimi ningeacha bila bitana mpaka lifuliwe mara mbili nyingine, rangi ya ziada iishe, ndipo upoteze fedha kwenye kitambaa kipya.

Fundi_Pazia_Majengo

Mzee, dirisha la machweo bila bitana? Jua litalichapa pazia lenyewe. Kufikia mwaka ujao maruni itakuwa imepauka kwenye mikunjo ya nje.

Dobi_Mstaafu

Hapo una hoja. Atundike angalau shuka la zamani nyuma yake.

MamaMapacha_Ilazo

Nitafikiria, nyote mna sababu. Sasa zulia jamani, mmelisahau. Sentimita 60 kwa 90, mgongo wa mpira.

KijanaWaMtumba

Hilo najua, maana nimeliharibu langu. Nilitia kwenye mashine, nikaliacha juani juu ya sakafu ya saruji siku nzima. Mpira ulikakamaa, sasa kila nikifagia naokota punje nyeusi. Kabla hujafua likunje mgongo nje kama kitabu. Ukiona nyufa au punje, usilitumbukize majini.

MamaMapacha_Ilazo

Nimelikunja. Nyufa hamna, linakunjika laini.

Dobi_Mstaafu

Basi linafulika. Lakini usikimbilie maji. Zulia la mlangoni Dodoma lina mchanga chini ya manyoya, na mchanga ukiloa unakuwa tope linaloganda kwenye mzizi. Lilaze kifudifudi juu ya gunia, manyoya chini, lipige mgongoni kwa fimbo nyembamba, linyanyue uone kilichoanguka. Rudia mpaka gunia libaki safi. Utashangaa.

Halafu lilaze sakafuni, manyoya juu, mahali penye mteremko. Usiliogeshe kwenye diaba. Povu la sabuni ya unga kwa brashi laini, fuata manyoya yanakolala. Mwagia maji kutoka juu ya mteremko, yasukume kwa mpira wa kukaushia sakafu, mwagia tena, sukuma tena, mpaka povu liishe. Lisipoisha, sabuni inayobaki inanasa vumbi na wiki ijayo litakuwa chafu kuliko jana.

Kukausha: lipitishe juu ya kamba mbili kwenye kivuli chenye upepo, mgongo ndani. Saa moja geuza. Likikaa na maji chini ya manyoya, uchafu wa mzizini unapanda juu na maji yanapokauka, ndiyo maana zulia lililoonekana safi likiwa bichi linatoa madoa likikauka. Usilirudishe mlangoni mpaka umeingiza kidole katikati ya manyoya ukahisi pakavu kabisa. Mpira mbichi juu ya vigae huacha alama.

Bibi_Chamwino

Na zulia la mgongo wa gunia je, si mpira? Langu ni la zamani, mgongo una nyuzi za kahawia.

Dobi_Mstaafu

Bibi hilo ni juti. Usililoweshe. Juti ikiloa ikachelewa kukauka inatoa kahawia inayopenya mpaka juu, na kahawia ile ni ngumu kuitoa. Lipige, lipanguse juu juu kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

MamaMapacha_Ilazo

Nimelipiga zulia sasa hivi. Mchanga uliotoka nimeujaza kwenye kopo la maziwa la gramu 400 karibu nusu, kwa kizulia hiki kidogo. Kulifua ni kesho alfajiri, nimeshajaza ndoo nne.